Mkataba wa Kubadilishana Riba: Jinsi Serikali Inavyoweza Kujikinga na Kupanda kwa Gharama za Mikopo

Mwezi Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba yake, ambayo wakati huo ilikuwa kati ya asilimia 0 na 0.25. Ilipofika Julai 2023, riba hiyo ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Uamuzi huo ulifanyika Washington kwa lengo la kudhibiti mfumuko wa bei nchini Marekani, lakini athari zake zilifika kwenye bajeti za nchi nyingi ambazo wananchi wake hawakuwa na sauti yoyote katika jambo hilo. Kila serikali iliyokuwa na mkopo wa dola wenye riba inayobadilika ililazimika kulipa zaidi, ingawa haikuwa imekopa hata dola moja ya nyongeza.

Njia mojawapo ambayo serikali, mashirika ya umma na kampuni hutumia kujikinga na hali hiyo ni mkataba wa kubadilishana riba. Jina la mkataba huu hutajwa mara kwa mara katika taarifa za deni la taifa na ripoti za wakaguzi, lakini ni nadra kufafanuliwa. Makala haya yanaeleza mkataba huo unavyofanya kazi, gharama zake, na mahali ambapo unaweza kugeuka kuwa hasara kwa fedha za umma.

Aina mbili za riba

Mkopo wenye riba isiyobadilika ni rahisi kueleweka. Mkopaji na mkopeshaji wanakubaliana, kwa mfano, asilimia 4 kwa mwaka, na kiwango hicho kinabaki vilevile hadi siku ya mwisho ya mkopo. Mkopaji anaweza kuandaa bajeti ya miaka mitano leo na kujua riba atakayolipa kila mwaka.

Mkopo wenye riba inayobadilika hauna kiwango kimoja. Mkataba wake hutaja sehemu mbili. Ya kwanza ni kipimo cha soko kinachopanda na kushuka, na ya pili ni nyongeza ya mkopeshaji, ambayo haibadiliki. Kwa mikopo ya dola, kipimo kinachotumika sana hivi sasa ni SOFR, ambacho hutangazwa kila siku ya kazi na Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York. Kipimo hiki hutokana na miamala halisi ya kukopeshana fedha kwa usiku mmoja kwa dhamana ya hati fungani za Serikali ya Marekani. Kilichukua nafasi ya LIBOR ya dola, ambayo benki za London ziliacha kuichangia takwimu baada ya tarehe 30 Juni 2023.

Hivyo, mkataba unaposema riba ni SOFR na nyongeza ya asilimia 2, maana yake ni kwamba kipimo kikiwa asilimia 0.5 mkopaji atalipa asilimia 2.5, na kikifika asilimia 5 atalipa asilimia 7. Nyongeza ni ileile, mkopo ni uleule, ila gharama imekaribia kuwa mara tatu.

Pande mbili zenye mahitaji tofauti

Mkataba wa kubadilishana riba huzaliwa pale ambapo pande mbili zina hofu zinazopingana. Tuchukue mfano wa Serikali iliyokopa dola milioni 100 kwa miaka mitano kutoka kwa mkopeshaji wa kibiashara, kwa riba ya SOFR na nyongeza ya asilimia 2, inayolipwa kila baada ya miezi sita. Serikali hii inahofia kupanda kwa kipimo, kwa sababu bajeti yake imekwisha kupitishwa na haina mahali pa kupata fedha za ghafla.

Upande wa pili ni benki kubwa ya kimataifa. Benki hii imeuza hati fungani kwa wawekezaji na kuahidi kuwalipa riba isiyobadilika, lakini fedha iliyozipata imezikopesha kwa wateja wanaolipa riba inayobadilika. Hofu yake ni kinyume cha ile ya Serikali. Kipimo kikishuka, mapato ya benki yatapungua, ilhali ahadi yake kwa wawekezaji itabaki palepale.

Pande hizi mbili zinakubaliana kwamba kwa miaka mitano, kila baada ya miezi sita, Serikali itailipa benki riba isiyobadilika ya asilimia 2 kwa mwaka, na benki itailipa Serikali riba sawa na SOFR. Malipo yote mawili yanakokotolewa juu ya dola milioni 100.

Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya wengi. Dola milioni 100 hazibadilishwi kati ya pande hizi. Benki haiipi Serikali fedha hizo, wala Serikali haizirudishi kwa benki. Kiasi hicho ni cha kukokotolea tu, kama ukubwa wa shamba unavyotumika kukokotoa kodi ya ardhi bila shamba lenyewe kuhamishwa. Kinachohama ni riba peke yake, na hata riba hiyo hailipwi yote. Siku ya malipo, pande mbili hulinganisha hesabu zao na anayedaiwa zaidi hulipa tofauti.

Jambo la pili ni kwamba mkopo wa awali unabaki kama ulivyo. Mkopeshaji wa kwanza si sehemu ya makubaliano haya na huenda hata hana habari nayo. Serikali inaendelea kumlipa SOFR na asilimia 2 kama ilivyoahidi. Mkataba wa kubadilishana riba unasimama pembeni ya mkopo, nao hulipwa kwa hesabu yake.

Hesabu katika vipindi vitatu

Katika kipindi cha kwanza, SOFR ni asilimia 0.5. Kwa urahisi, kila kipindi kihesabiwe kuwa nusu mwaka kamili. Serikali inamlipa mkopeshaji asilimia 2.5 kwa mwaka, ambayo kwa miezi sita ni dola milioni 1.25. Katika mkataba wa kubadilishana riba, Serikali inadaiwa dola milioni 1 za riba isiyobadilika, na benki inadaiwa dola 250,000 za SOFR. Serikali inalipa tofauti, yaani dola 750,000. Jumla ya gharama ya Serikali kwa kipindi hicho ni dola milioni 2.

Katika kipindi cha pili, SOFR imepanda hadi asilimia 2. Mkopeshaji analipwa dola milioni 2. Kwenye mkataba wa kubadilishana, kila upande unadaiwa dola milioni 1, kwa hiyo hakuna anayemlipa mwenzake. Gharama ya Serikali ni dola milioni 2.

Katika kipindi cha tatu, SOFR imefika asilimia 5. Mkopeshaji sasa anadai asilimia 7, sawa na dola milioni 3.5. Lakini benki inadaiwa dola milioni 2.5 na Serikali inadaiwa dola milioni 1 tu, hivyo benki inailipa Serikali dola milioni 1.5. Ukitoa kiasi hicho kutoka dola milioni 3.5, gharama ya Serikali ni dola milioni 2.

Katika vipindi vyote vitatu, matokeo hayakubadilika. SOFR inayoingia kutoka benki inafuta SOFR inayotoka kwenda kwa mkopeshaji, na kinachobaki ni asilimia 2 za mkataba na asilimia 2 za nyongeza. Mkopo uliokuwa na riba inayobadilika umegeuka, kwa matokeo yake, kuwa mkopo wa asilimia 4 isiyobadilika.

Kwa nini kulipa zaidi mwanzoni

Msomaji makini atauliza swali ambalo wabunge na wakaguzi huuliza pia. Ikiwa SOFR ilikuwa asilimia 0.5 siku ya kusaini, kwa nini Serikali ikubali kulipa asilimia 2? Katika kipindi cha kwanza pekee imelipa dola 750,000 ambazo isingelipa kama isingeingia mkataba huo.

Jibu ni kwamba kiwango kisichobadilika hakitokani na kipimo cha siku ya kusaini. Kinatokana na matarajio ya soko kwa miaka yote mitano. Wafanyabiashara wa fedha wakitarajia kipimo kitapanda, kiwango kisichobadilika kitakuwa juu ya kipimo cha leo. Hupangwa ili siku ya kwanza thamani ya malipo yote yanayotarajiwa kutoka upande mmoja ilingane na thamani ya malipo yote yanayotarajiwa kutoka upande wa pili, zote zikipunguzwa hadi thamani ya leo. Ndiyo maana mkataba ukisainiwa kwa bei ya soko hakuna anayemlipa mwenzake kitu siku hiyo, isipokuwa faida ya benki ambayo kwa kawaida huwa imefichwa ndani ya kiwango chenyewe. Ikiwa soko linaonyesha asilimia 1.9 na benki inatoza asilimia 2, ile asilimia 0.1 ni sawa na dola 100,000 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo, taasisi ya umma inapaswa kuomba bei kutoka benki zaidi ya moja kwa saa ileile ya siku ileile, kwa kuwa bei ya jana haifai kulinganishwa na ya leo.

Kinachonunuliwa hapa ni uhakika. Kipimo kikibaki chini kwa miaka yote mitano, Serikali italipa zaidi ya ambavyo ingelipa bila mkataba. Hilo si lazima liwe kosa. Kosa lingekuwa kuupima mkataba kwa faida au hasara ya kipindi kimoja, na kusahau kwamba lengo lilikuwa kuijua gharama mapema.

Thamani ya mkataba katikati ya safari

Baada ya siku ya kwanza, mkataba huanza kuwa na thamani, na thamani hiyo huwa mali ya upande mmoja na deni la upande wa pili. Tuseme imebaki miaka miwili, yaani malipo manne, na anayetaka kuingia mkataba mpya wa miaka miwili sokoni anatozwa asilimia 4 isiyobadilika. Serikali yetu inalipa asilimia 2 tu. Nafuu hiyo ya asilimia 2 ni dola milioni 1 kila baada ya miezi sita, mara nne. Ikipunguzwa hadi thamani ya leo kwa kiwango hicho cha soko, jumla ni takriban dola milioni 3.81. Hicho ndicho kiasi ambacho benki ingepaswa kuilipa Serikali kama pande zote zingekubaliana kuuvunja mkataba siku hiyo.

Hali ingekuwa kinyume kama kiwango cha soko kingeshuka hadi asilimia 1. Serikali ingekuwa inalipa dola 500,000 zaidi ya soko katika kila kipindi, na kuuvunja mkataba kungeigharimu takriban dola milioni 1.98.

Hapa ndipo tatizo la kawaida linapojitokeza. Serikali inaweza kupata fedha nafuu na kuamua kuulipa mkopo wote kabla ya wakati. Mkopo unafungwa, lakini mkataba wa kubadilishana riba haufungwi pamoja nao, kwa sababu ni mkataba mwingine na mtu mwingine. Ikiwa riba zimeshuka, Serikali itabaki ikiilipa benki tofauti kila miezi sita bila kuwa na mkopo wowote wa kukinga, au italazimika kulipa gharama ya kuuvunja. Uamuzi wa kulipa mkopo mapema hauwezi kuhesabiwa kikamilifu bila kuweka gharama hiyo kwenye mizani.

Mahali kinga inapovuja

Kinga katika mfano wetu ilikuwa kamili kwa sababu mkopo na mkataba vililingana kwa kila kitu. Katika utekelezaji, tofauti ndogo za maneno huleta tofauti za fedha.

Mfano mmoja ni namna ya kuhesabu siku. Mikopo mingi ya dola huhesabu mwaka kuwa na siku 360, huku baadhi ya mikataba ikihesabu siku 365. Kwa dola milioni 100, riba ya asilimia 5 na kipindi cha siku 182, hesabu ya kwanza inaleta dola 2,527,778 na ya pili dola 2,493,151. Tofauti ni zaidi ya dola 34,000 kwa kipindi kimoja, nayo hutokana na sentensi moja ambayo ilipaswa kusomwa kabla ya kusaini.

Mfano wa pili ni sakafu ya riba. Mikataba mingi ya mikopo husema kwamba kipimo kikishuka chini ya sifuri kitahesabiwa kuwa sifuri. Jambo hilo lilionekana la kinadharia hadi vipimo vya riba ya euro viliposhuka chini ya sifuri na kubaki huko kwa miaka kadhaa, hadi 2022. Ikiwa mkopo una sakafu na mkataba wa kubadilishana hauna, mkopaji hapati nafuu yoyote kwa mkopeshaji, na wakati huohuo analazimika kuilipa benki riba isiyobadilika pamoja na kile kiwango kilicho chini ya sifuri.

Hatari nyingine ni ya upande wa pili wenyewe. Mkataba huwa na thamani kubwa kwa Serikali pale riba zinapopanda sana, na huo unaweza kuwa wakati ambao benki nazo zimebanwa. Benki ikishindwa kulipa, mkopeshaji wa awali bado atadai asilimia 7 zake zote. Ndiyo maana mikataba hii huweka masharti ya dhamana, ambapo upande wenye deni huweka fedha au hati fungani kadiri deni linavyokua. Masharti hayo hukata pande zote mbili. Riba zikishuka, Serikali ndiyo itakayotakiwa kuweka dhamana, na fedha hizo lazima ziwepo.

Halmashauri iliyovuka mpaka

Kisa kinachofundishwa zaidi kuhusu taasisi za umma na mikataba hii kilitokea Uingereza, katika halmashauri ya Hammersmith na Fulham jijini London. Kuanzia mwaka 1983 halmashauri hiyo iliingia katika mamia ya mikataba ya kubadilishana riba. Deni lake halisi lilikuwa takriban pauni milioni 390, lakini jumla ya kiasi cha kukokotolea katika mikataba yake ilivuka pauni bilioni 6.

Takwimu hizo mbili zinatosha kuonyesha tatizo. Anayekinga deni la milioni 390 hahitaji mikataba ya bilioni 6. Sehemu kubwa ya mikataba hiyo haikuwa na mkopo wowote nyuma yake, hivyo haikuwa kinga tena bali ubashiri. Halmashauri ilikuwa imejiweka upande wa kulipa riba inayobadilika, ikitarajia viwango vishuke. Badala yake, riba ya msingi ya Uingereza ilipanda kutoka asilimia 7.5 mwezi Mei 1988 hadi asilimia 15 mwezi Oktoba 1989.

Mkaguzi wa hesabu aliipeleka halmashauri mahakamani. Mwezi Januari 1991 Bunge la Malodi, lililokuwa na mamlaka ya mahakama ya juu kabisa nchini humo, liliamua kwamba sheria haikuzipa halmashauri uwezo wa kuingia katika mikataba ya aina hiyo. Mikataba yote ikawa batili tangu mwanzo. Walipa kodi wa Hammersmith waliepuka hasara, lakini benki zilizokuwa upande wa pili zilipoteza malipo zilizoyatarajia, na kesi za kudaiana fedha zilizokwisha lipwa kati ya benki na halmashauri mbalimbali ziliendelea kwa miaka kadhaa baadaye. Tangu hapo, jambo la kwanza ambalo benki makini huuliza taasisi ya umma si kiwango cha riba, bali ni kifungu cha sheria kinachoiruhusu kusaini.

Mwananchi asome nini katika taarifa

Si kila serikali inahitaji kwenda sokoni yenyewe. IBRD, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha nchi za kipato cha kati, huziruhusu nchi zinazokopa kwake kuomba riba inayobadilika ya mkopo igeuzwe kuwa isiyobadilika ndani ya mkataba uleule wa mkopo. Kwa njia hiyo, siku, kiasi na tarehe za malipo hulingana bila mkopaji kulazimika kuvilinganisha mwenyewe.

Mwananchi anayesoma taarifa ya deni la taifa anaweza kuanza na sehemu inayoonyesha kiasi gani cha deni la nje kina riba inayobadilika, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu inayoguswa na maamuzi ya Washington au Frankfurt. Pale mkataba wa kubadilishana riba unapotajwa, swali la kwanza ni kama kuna mkopo unaolingana nao kwa kiasi, kwa kipimo na kwa tarehe ya mwisho. Ukiwepo, malipo ya tofauti yanayoonekana katika mwaka mmoja yanapaswa kusomwa pamoja na riba ya mkopo huo, si peke yake. Usipokuwepo, kilichosainiwa si kinga, na mkaguzi ana sababu ya kuuliza zaidi.